Jua na mwezi kwenye bahasha ya dawa: hapa Lamu havitoshi

Bahasha nyingi za dawa huwa zimeandikwa 1x3 kwa kalamu basi, yaani kimoja mara tatu kwa siku. Asiyesoma haimwambii kitu, na hata anayejua tarakimu anaweza kuelewa ni kidonge kimoja kwa siku tatu, au vitatu kwa mpigo. Ndo maana sisi wafamasia tunahangaika na lebo za picha. Leo nieleze kipande kimoja tu, nyakati za kumeza, na mfano wetu uwe amoksilini kapsuli za miligramu 500, moja mara tatu kwa siku kwa siku 5, yaani kapsuli 15.

Picha za kawaida ni jua linachomoza, jua la utosini, jua linazama, mwezi. Tatizo la kwanza, jua linalochomoza na linalozama ukilichora ni lile lile, nusu duara juu ya mstari. La pili ni mwezi mwembamba, manake huku mwezi wa hivo ni wa kuandama, mtu akiuona anawaza Ramadhani au msikiti au anadhani ni dawa ya kila mwezi. Saa nayo ndo mbaya zaidi. Chora mshale uko kwenye 2, mmoja atameza saa mbili asubuhi na mwingine saa nane mchana, na saa yenyewe haisemi kama ni usiku ama mchana.

Nikafikiria chakula, kikombe cha chai asubuhi, sinia ya wali mchana. Inaeleweka haraka sana lakini ina sumu yake, mgonjwa ambaye siku hiyo hana chakula anaruka dozi kwa sababu lebo imemuonyesha chakula, wakati amoksilini unaweza kuimeza umekula au hujala. Kwa hivyo sinia naiweka tu kwenye dawa ambayo lazima iandamane na chakula.

Ninachochora sasa ni mtu. Alfajiri ameamka kaketi kitandani, dirisha lina mwanga kidogo. Mchana amesimama nje kivuli kiko miguuni, na hapa karibu na ikweta hiyo kila mtu anaijua. Usiku ameketi kitandani chini ya chandarua na gilasi ya maji mkononi. Ameketi, hajalala! Ukimchora amelala watu watasema dawa hii ya usingizi. Alafu nikimkabidhi mgonjwa dawa namwambia kwa mdomo, baada ya sala ya alfajiri, baada ya adhuhuri, na ukiwa waenda kulala. Alfajiri ni kama saa kumi na moja, adhuhuri kama saa sita na nusu, kulala tuseme saa tatu, mapengo yanakuwa kati ya saa 7 na nusu na 8 na nusu, na kwa kuwa huku nyakati za sala haziyumbi sana mwaka mzima inakaa sawa. Asiyeswali namwambia kuamka, jua la utosini, kulala.

Sasa mpangilio. Wazee wengi ambao hawasomi herufi za Kizungu wamesoma chuo cha Kurani, wanasoma Kiarabu vizuri tu, kwa hiyo ukipanga picha kwa mstari kuna atakayeanzia kulia na usiku unakuwa wa kwanza. Ninazipanga juu kwenda chini. Mbele ya kila picha nachora kapsuli yenyewe, sio tarakimu, na viduara 5 vya kuchora alama kila akimeza. Akianza dawa adhuhuri nakijaza cheusi kile kiduara cha kwanza cha alfajiri na kuongeza kimoja mwishoni, viwe 15 vilivyo wazi. Na wakati usiohusika usiupige X, kuna watu X kwao ni kuchagua kama kwenye karatasi ya kura. Ufute kabisa.

Kujua kama lebo inafanya kazi usiulize "umeelewa bibi?", atasema ndio mwanangu, kwa adabu. Mpe lebo na peremende uulize "kesho utafanyaje?" na yeye akuonyeshe. Kiwango cha Marekani cha alama za usalama, ANSI Z535.3, kinataka asilimia 85 wapate sawa na wanaoelewa kinyume kwa hatari wasizidi asilimia 5. Kwa watu 20 ni 17 wapate na mmoja tu ndo akosee vibaya, kwa mfano kumeza zote tatu pamoja. Mimi huyo mmoja ndo namuangalia zaidi, manake mtu anayesema "sijui" atauliza, ila anayekosea kwa uhakika hatauliza.

Ramadhani lebo hii haifai kwa anayefunga. Kutoka magharibi hadi alfajiri ni kama saa kumi na nusu tu, huwezi kubana dozi tatu za kila saa 8 humo, na mgonjwa asipoelezwa ataruka ya mchana kimya kimya. Hapo napiga simu kwa aliyeandika dawa, akibadilisha iwe ya mara mbili naprinti visanduku viwili, futari na daku, na hapo sinia inaruhusiwa.