666 na kadi ya mwendokasi

"Mwalimu, hiyo chipu kwenye kadi ya mwendokasi si ndiyo 666?"

Hapana. Ufunuo 13:18 inamwambia mwenye akili "aihesabu" hesabu ya mnyama. Zamani herufi zilitumika pia kama namba, hivyo kila jina lilikuwa na jumla yake. Andika Neron Kaisari, yaani Nero, mfalme wa Roma, kwa Kiebrania, ambacho huacha irabu nyingi: N 50, R 200, O 6, N 50, kisha K 100, S 60, R 200. Jumlisha ubaoni: 306 na 360, jibu ni 666.

Ila wapo wasomi wasiokubali kuwa ni Nero. Mimi kinachonishawishi ni kwamba nakala chache za kale zina 616. Ukitamka Nero bila N ya mwisho, hamsini inatoka, unabaki na 616 hiyohiyo.

Na ile chapa ya mnyama? Soma mstari unaofuata tu, 14:1: watu 144,000 wana jina la Mwanakondoo kwenye vipaji vya nyuso. Hao hakuna anayewatafutia chipu. Alama zote mbili zinaonyesha mtu ni wa nani.