Rahisi mno nako hufukuza mteja

"Sabuni yangu ya mwani ni mpya. Kwa nini niwaulize watu bei gani ni rahisi mno? Nani atakataa rahisi?"

Wapo, dada yangu. Kitu asichokijua, mtu hukipima kwa bei yake. Mpe kipande akinuse, kisha umuulize maswali manne ya Van Westendorp, Mholanzi aliyeyatoa 1976. Bei gani ni ya chini hadi utilie shaka ubora wake? Ipi ungeiona nafuu? Ipi ni ghali, ila bado ungefikiria kununua? Ipi ni ghali hata usinunue kabisa?

Tuseme umeuliza wanawake 40 pale Darajani. Swali la kwanza, 22 wametaja shilingi 2,000 au zaidi. Basi ukiuza 2,000, zaidi ya nusu watahisi sabuni ina kasoro. Kwa 3,500 wenye shaka wamebaki 4, na wanaosema ghali mno ni 4 vilevile. Chora kwa kila bei mstari wa wenye shaka na mstari wa wanaosema ghali mno; mistari hiyo miwili inapokutana ndipo pa kuanzia.

Majibu ya kila mtu lazima yapande. Aliyesema nafuu ni 4,000 na ghali ni 3,000 hakuelewa, muulize tena. Wala usikisie mauzo kwa namba hizi, kwani hazisemi wangapi watatoa pesa.