Kuwaondoa wapita njia kwenye picha ya sanamu ya Nyerere Square kwa mediani

Kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiwa linaendelea, Nyerere Square hapa Dodoma haikai bila watu. Wageni waliokuja mjini kwa shughuli zao hupitia hapo kupiga picha na sanamu ya Mwalimu. Watalii walio njiani kwenda Kolo, Kondoa, kuangalia michoro ya miambani nao hushuka kunyoosha miguu. Mteja anayetaka sanamu peke yake kwa ajili ya kalenda au ripoti huambiwa aje alfajiri. Akikubali mwanga wa alfajiri, sawa. Akitaka mwanga wa saa tatu asubuhi, watu watakuwepo tu, na kuwaomba wote wapishe ni kujitafutia ugomvi.

Kazi kama hiyo mimi huifanya kwa kupiga picha kadhaa za sehemu ileile bila kamera kusogea, kisha naiachia kompyuta izipange moja juu ya nyingine na kuchukua mediani ya kila pikseli, yaani thamani inayoangukia katikati baada ya kuzipanga kutoka ndogo hadi kubwa.

Tuchukue pikseli moja tu, iliyoangukia sakafu mbele ya sanamu. Mwanga wake unapimwa kwa namba kuanzia 0, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 255, nyeupe kabisa. Nimepiga picha 9, na pikseli hiyo imesomeka hivi: 142, 141, 143, 58, 142, 61, 144, 140, 142. Sakafu ni ile ya 140 na kitu. Hizo 58 na 61 ni suruali nyeusi ya mtu aliyepita. Zipange: 58, 61, 140, 141, 142, 142, 142, 143, 144. Ya katikati, yaani ya tano, ni 142. Suruali imeondoka, na haikuacha hata alama. Ungetumia wastani, ungejumlisha zote na kugawa kwa 9, ukapata karibu 124: sakafu yenye doa la kijivu linalofanana na kivuli cha mzimu. Ndiyo maana picha zilizounganishwa kwa wastani huwa na watu wanaoonekana kama moshi.

Lakini mediani haijui mtu ni nini wala sakafu ni nini. Inafuata walio wengi. Pikseli ile ikifunikwa katika picha 5 kati ya 9, namba ya katikati itakuwa ya suruali, na suruali itatokea kwenye picha ya mwisho, tena safi kabisa kama vile ndiyo uliyokusudia kuipiga. Kwa hiyo sharti ni moja: kila sehemu ya picha lazima iwe wazi katika zaidi ya nusu ya picha ulizopiga. Haijalishi kila picha kwa ujumla ina watu wangapi. Unaweza kukosa hata picha moja isiyo na mtu na bado ukapata uwanja mtupu, mradi watu wale wasing'ang'anie pale pale.

Hapo ndipo swali la idadi ya picha linapokuja, na jibu la "piga nyingi" ni nusu ya ukweli. Tuseme sehemu fulani ya sakafu inafunikwa na watu asilimia 20 ya muda. Ukipiga picha 5, uwezekano wa kukuta imefunikwa katika 3 au zaidi ni karibu asilimia 6. Kwa picha 9 unashuka hadi 2, na kwa 15 hauzidi nusu ya asilimia moja. Sasa chukua sehemu inayofunikwa asilimia 60 ya muda, kama pale watu wanaposimama kupigwa picha. Hapo kila picha unayoongeza inazidi kukuharibia, kwa sababu walio wengi ni watu, na sampuli ikikua ndivyo wingi wao unavyojidhihirisha.

Hesabu hiyo pia inachukulia kwamba kila picha ni ushahidi mpya. Ukipiga mfululizo, picha 20 ndani ya sekunde 2, mtu anayetembea akiipa kamera mgongo amepiga hatua tatu au nne tu, na mgongo wake umefunika sehemu ileile karibu katika picha zote. Ulicho nacho ni picha moja iliyorudiwa. Mimi huweka kamera ijipigie yenyewe kila baada ya sekunde 15, picha 15. Mtembea kwa miguu wa kawaida katika sekunde hizo anakuwa amekwenda kama mita 18, amekwisha toka kwenye fremu au yuko upande mwingine kabisa. Zoezi zima linachukua kama dakika tatu na nusu. Kuchukua muda mrefu zaidi kuna gharama yake: jua linasogea digrii moja kila dakika 4, na baada ya dakika 20 ncha ya kivuli cha sanamu imehama, ukingo wake utatoka na ukungu.

Nikupe mfano wa kundi ambalo ni gumu kweli. Katika picha 15, familia moja imesimama mbele ya sanamu kuanzia picha ya 4 hadi ya 12. Hizo ni 9, zaidi ya nusu. Ukizipeleka zote, utapata viatu na miguu yao vizuri kabisa, kwa sababu havikusogea, halafu vifua vilivyofifia na vichwa visivyoeleweka, kwa sababu hivyo vilikuwa vinageuka geuka. Ukiona kitu cha namna hiyo, miguu bila mwenyewe, ujue si kosa la programu, ni mtu aliyesimama muda mrefu.

Dawa ni kutupa picha. Nabaki na 1 hadi 3 na 13 hadi 15, ambazo hazina familia. Lakini picha 6 peke yake ni chache, na kwa idadi shufwa sehemu iliyofunikwa mara 3 inakuwa sare. Mediani ya sare huchukua katikati ya namba mbili za kati, na mzimu wako unarudi. Kwa hiyo naongeza 3 za familia, nikichagua zile ambazo pande nyingine za uwanja ziko wazi. Sasa nina 9, familia ipo katika 3 tu, na inaondoka. Mtu akikaa kwenye benchi muda wote, hakuna uchaguzi wa picha utakaomtoa. Huyo namsubiri anyanyuke, napiga picha moja ya benchi likiwa tupu, kisha nalipandikiza kwa maski, yaani kifuniko kinachoonyesha sehemu ya picha ninayoitaka na kuficha nyingine.

Upande wa kamera, kila kitu kiwe cha mkono: shata, f/8, ISO, fokasi, na rangi ya mwanga, ile inayoandikwa WB. Ukiiachia kamera ijiamulie, shati jeupe likiingia kwenye fremu itapunguza mwanga wa picha nzima, na sakafu yako ya 142 itakuwa 120 bila mtu yeyote kuikanyaga. Stendi ni lazima, na kwa upepo wetu wa kiangazi ning'iniza begi chini yake. Mlinzi akiona stendi atakuja kukuuliza, kwa hiyo malizana naye kabla hujaifungua.

Kwenye Photoshop nenda File > Scripts > Load Files into Stack, weka alama kwenye Attempt to Automatically Align Source Images na Create Smart Object after Loading Layers, kisha Layer > Smart Objects > Stack Mode > Median. Asiye na Photoshop asihangaike. Hugin na ImageMagick ni za bure na kazi inatoka ileile:

```
align_image_stack -m -C -a sawa_ picha*.jpg
magick sawa_*.tif -evaluate-sequence median sanamu.tif
```

Amri ya kwanza inalinganisha picha zilizotikisika kidogo na kukata kingo zisizolingana. Ya pili ndiyo mediani yenyewe. Kulinganisha kunasaidia kamera iliyoyumba, hakumsaidii aliyehama. Ukipiga bila stendi na ukasogea hatua moja kando, sanamu na majengo ya nyuma yake havitakaa tena katika uhusiano uleule, na hakuna programu ya kuvirudisha kwa kugeuza picha tu.

Picha ikishatoka usiiangalie kwa jumla, maana kwa jumla huwa inapendeza. Weka juu yake mojawapo ya picha za mwanzo kama leya, na mtindo wa kuchanganya uwe Difference. Kinachofanana kinakuwa cheusi, kilichotofautiana kinang'aa. Kazi ikiwa nzuri utaona giza lenye watu waliokatwa vizuri, pamoja na vivuli vyao, maana kivuli cha mpita njia nacho huondoka naye. Ukiona sanamu yote imechorwa mstari mwembamba pembeni, picha hazikulingana. Sakafu yote ikiwa ya kijivu, mwanga ulibadilika. Na usisahau rangi: programu nyingi hutafuta mediani ya nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, hivyo mahali ambapo kura zilikaribiana unaweza kukuta kidoa cha zambarau au kijani ambacho hakikuwepo katika picha hata moja. Kidoa hicho kinakuonyesha pa kupitia kwa maski.

Mawingu ndiyo yanayonifanya niahirishe kazi. Wingu likifunika jua katikati ya zoezi, nusu ya picha zina vivuli vikali na nusu hazina. Mediani itachagua jua hapa na wingu pale, kutegemea watu walipita wapi, na sakafu itakuwa na mabaka. Bora kusubiri, au kuchambua picha za jua peke yake kama zinatosha.

Miti ni jambo dogo lakini linaonekana. Majani yanayochezeshwa na upepo hayana sehemu moja, kwa hiyo mediani huyalainisha mpaka yanafanana na sufi, na bendera huweza kubaki kitambaa kisicho na umbo. Wateja wengi hawajui kwa nini picha inaonekana ya kuchorwa, wanaiona tu. Nachagua picha moja ambayo majani yametulia, naiweka juu ya mediani, naificha yote kwa maski nyeusi, halafu kwa brashi nyeupe nairudisha miti na bendera tu. Mtu akiwa amepita chini ya mti katika picha hiyo, brashi inaishia pale kichwa chake kinapoanzia.