Mteja akikwambia "acha kunitumia imeili" anamaanisha nini, na unamjibuje

Kama unauza kitu kwa imeili hapa Dar, iwe mfumo wa mishahara, bima au viti vya ofisi, siku moja utapata jibu la mstari mmoja: "Naomba muache kunitumia imeili." Kuna anayeandika kwa upole na kuna anayeandika kwa herufi kubwa mwanzo mwisho, ila maana ni ileile, mtu kajitoa. Kujitoa ni kwamba kuanzia dakika ile huna ruhusa ya kumwandikia habari za kuuza, hata kama ruhusa yenyewe hakuwahi kukupa (tuseme ukweli, wengi wetu imeili tunaziokota kwenye tovuti za watu na kwenye bizinesi kadi za maonyesho ya Sabasaba). Na haijalishi kwamba hakubonyeza kile kitufe cha Unsubscribe, jibu la kuandika kwa mkono lina uzito uleule. Tena kwetu hili sio suala la ustaarabu peke yake, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kukutaka uache kutumia taarifa zake kumtangazia biashara.

Sasa watu wengi wa mauzo wakiona jibu kama hilo wanaumia, wanaona kama wamefukuzwa. Mi naona huyo mtu amekufanyia hisani, kwa sababu alikuwa na njia nyingine rahisi zaidi ambayo wewe usingeiona kabisa, kubonyeza Report spam na kuendelea na shughuli zake. Aliyekuandikia katumia muda wake kukwambia. Ukimtumia tena baada ya hapo, mara ya pili hakwambii, anabonyeza.

Na kile kitufe kina gharama. Toka Februari 2024 Gmail wanawataka wote wanaotuma imeili kwenye akaunti za kawaida za Gmail wahakikishe malalamiko ya spam hayafiki asilimia 0.3, na wanashauri mtu akae chini ya 0.1. Utasema mimi natuma mia mbili tu hayanihusu. Masharti makali zaidi ya Gmail kweli yamewalenga wakubwa, wanaotuma kuanzia 5,000 kwa siku, ila hili la malalamiko linamhusu kila mtu, na ukiwa mdogo hesabu inakukaba vibaya zaidi: kama leo imeili zako 100 zimeingia kwenye Gmail na mtu mmoja tu akalalamika, hiyo ni asilimia 1. Na hapa mjini biashara kibao zinatumia imeili ya Gmail ya kawaida kabisa, hadi kampuni zenye ofisi nzuri tu Mikocheni. Jina linaloharibika ni la domeini yako, yale maneno yanayokuja baada ya @ kwenye anwani yako, sio la kampeni, kwa hiyo kesho profoma na ankara za wateja wanaokulipa nazo zinaanza kuangukia kwenye spam. Utajuaje? Google wana Postmaster Tools inayoonyesha kiwango cha malalamiko, lakini ukituma kidogo mara nyingi ukurasa unakuwa mtupu, haionyeshi kitu. Dalili utakayoiona kwanza ni mteja wa siku zote anakupigia simu, "mbona profoma haijafika?" halafu anaikuta kwenye spam, na ikitokea kwa wateja wawili watatu wiki hiyohiyo basi usitafute mchawi.

Tuchukue mfano. Kampuni ndogo ya watu watano pale Sinza inauza mfumo wa mishahara kwa shule binafsi. Wamepanga mlolongo wa imeili nne zinazojituma zenyewe, siku ya 1, ya 4, ya 9 na ya 15. Imeili ya tatu imeenda kwenye anwani ya ofisi ya shule moja Tegeta, ile ya kuanzia na info@, na asubuhi mhasibu wa shule anajibu: "Hizi imeili zimezidi sasa. Acheni kunitumia." Ila kajibu kutokea Gmail yake binafsi, kwa sababu imeili za ofisi zinaelekezwa huko azisomee kwenye simu.

Hapo ndo mtego ulipo. Programu nyingi za kutuma mlolongo zinasimama zenyewe mtu akijibu, ila zinamtambua kwa anwani ile uliyotumia kumwandikia. Huyu kajibu na anwani nyingine, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa programu ikaona hakuna aliyejibu, na siku ya 15 imeili ya nne inaondoka, "Habari, nilikuwa nafuatilia kama mliona ujumbe wangu." Jamaa wa mauzo kashamjibu vizuri, kaomba radhi, na bado mashine inamuumbua.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno lolote, ingia kwenye programu, tafuta anwani zote mbili, ile uliyotuma na ile iliyokujibu, simamisha mlolongo kwa mkono, uziingize zote kwenye orodha ya waliokataa. Angalia pia kama mwenzako hana mlolongo mwingine unaoenda kwa mtu huyohuyo. Ni kazi ya dakika tano. Baada ya hapo ndo unajibu, siku ileile, kwenye mazungumzo yaleyale, kwa lugha aliyoandikia yeye:

"Habari za asubuhi. Samahani kwa usumbufu. Nimeziondoa anwani zako zote mbili, hutapata tena imeili kutoka kwetu."

Basi. Hakuna swali, hakuna kiungo cha tovuti, hakuna "ila ukibadili mawazo tupo", na ondoa ile saini ya chini yenye bango la ofa ya mwezi, maana mtu kakwambia acha halafu unamjibu na tangazo. Usimwambie pia abonyeze kiungo ajitoe mwenyewe, kazi hiyo ni yako. Na ile ya "naomba kujua sababu ili tuboreshe huduma" mi siipendi kabisa, unampa kazi mtu ambaye ameomba apumzike na wewe.

Wapo wanaosema usijibu chochote, ondoa kimyakimya. Nawaelewa, ila mtu aliyeandika kwa mkono ukimrudishia kimya hajui kama umesikia, na anaweza kubonyeza spam kwa kujihami tu. Mi nakaa kimya pale mtu aliposema wazi hataki hata jibu, au alipobonyeza Unsubscribe, maana huyo programu imeshamthibitishia yenyewe. Kama matusi yamo, jibu ni lilelile la mistari miwili, usijitetee. Ukijitetea kesho picha ya skrini iko kwenye grupu la WhatsApp la wahasibu wa shule, na hao ndo haohao uliotaka kuwauzia.

Jibu lake likija na swali, mfano "mmeipata wapi imeili yangu?", hapo lazima ujibu, tena ukweli: "Tuliitoa kwenye ukurasa wa mawasiliano wa tovuti ya shule yenu." Kama mlinunua listi kwa mtu, sema mliinunua kwa mtu wa nje na anwani yake mmeshaiondoa. Ukidanganya kwamba alijisajili mwenyewe, anajua hakujisajili, na hapo ndo ugomvi wa kweli unapoanzia.

Turudi kwenye hiyo orodha ya waliokataa, kwa sababu ndo watu wanakosea hata baada ya kujibu vizuri. Kosa lenyewe linaonekana kama tendo jema, mtu anamfuta kabisa yule mhasibu kwenye CRM, ule mfumo wa kutunza taarifa za wateja. Ukishamfuta, mfumo umesahau kwamba alikataa. Miezi mitatu mbele kijana mpya wa mauzo anakusanya tena shule za Tegeta na Bunju kutoka kwenye tovuti, anapakia faili lake, anwani inaingia kama mtu mpya kabisa na imeili ya siku ya 1 inatoka. Anayekataa hafutwi, anahifadhiwa kama aliyekataa: anwani yake, tarehe, na neno moja la namna alivyoomba, basi, mengine yote juu yake unaweza kuyafuta. Hata akisema "futeni taarifa zangu zote" unamweleza kwamba umebakiza anwani peke yake ili isirudi kuandikiwa, na wengi wanaelewa. Na orodha iwe moja kwa kampuni nzima, kila faili jipya lichujwe nayo kabla ya kupakiwa, isiwe kila mtu na eksel yake kwenye laptopu.

Kuna majibu yanayofanana na kukataa lakini sio. "Kwa sasa hatuna bajeti, labda Julai" sio kujitoa, ofisi nyingi mwaka wao wa fedha unaanza Julai na huyo kakupa tarehe, mrudie Julai mara moja. "Sio mimi, ongea na mkurugenzi" nayo ni kukuelekeza, ila yeye mwenyewe mtoe. Ngumu ni pale anaposema "acheni kututumia", hapo usihesabu kwamba ni yeye peke yake, chukulia kasemea shule nzima na uzuie kila anwani ya domeini yao. Ikiwa domeini yenyewe ni gmail.com ndo huwezi kuizuia yote, inabidi utafute kila anwani mliyonayo ya shule ile uzitoe moja moja.

Na kuhamia WhatsApp hakuhesabiki kama njia nyingine. Namba yake iko palepale chini ya imeili, kishawishi kipo, lakini aliyekataa imeili siku ya Jumatatu akikuta meseji yako WhatsApp siku ya Jumatano ataona umemfuata hadi nyumbani, na WhatsApp nako kuna kitufe cha kuripoti.

Yule mhasibu akihamia shule nyingine na ukakuta anwani yake mpya kwenye tovuti ya huko, mi ningemuacha, aliyekataa ni yeye, sio kiti chake. Shule ya zamani ikipata mhasibu mwingine unaweza kumwandikia kwa anwani yake yeye, mradi kukataa kule hakukuwa kwa shule nzima. Na siku mhasibu wa kwanza akikuandikia mwenyewe kuulizia bei, mjibu alichouliza, mtumie profoma yake, lakini jina lake liendelee kubaki kwenye orodha mpaka aseme kwa maandishi kwamba sasa anataka kupokea matangazo, maana kuulizia bei mara moja bado sio kuomba imeili nne zinazojituma zenyewe.