Jedwali refu hukwama wapi?

"Orodha ya wakulima wa kahawa ina mistari 20,000. Inakwama kwa sababu intaneti ya Moshi ni ndogo."

Ikishafunguka, zima intaneti kisha uisogeze: bado itasuasua. Data imeshafika, kinachoelemewa ni kivinjari, maana safu 8 kwa kila mstari ni seli 160,000. Zihesabu kwenye konsoli:

```js
document.querySelectorAll("td").length
```

Dirisha la pikseli 600, kwa mistari ya pikseli 30, huonyesha 20 tu. Chora hiyo na mitano ya akiba kila upande. Juu na chini acha nafasi tupu: idadi ya mistari iliyorukwa, zidisha kwa pikseli 30. Mistari ikitofautiana urefu, hesabu hiyo huharibika na orodha hurukaruka. Hapo kurasa za mistari 50 ni nafuu zaidi. Ila Ctrl+F haitaona kisichochorwa, kwa hiyo weka kisanduku kinachopekua data yenyewe.