Je, tarakimu sita za gridi ni nukta kamili?

“Tarakimu nne hutaja eneo, lakini tarakimu sita hutaja nukta kamili.”

Tarakimu sita nazo hutaja eneo, ila dogo zaidi. Tuchukue zoezi la ramani ya vilima vya Mbeya yenye skeli ya 1:50,000, ambapo kila mraba wa gridi una upande wa sentimita 2, yaani kilomita 1 ardhini. Daraja liko milimita 17 mashariki ya mstari wa 46 na milimita 7 kaskazini ya mstari wa 27. Sehemu moja ya kumi ni milimita 2, kwa hiyo tunahesabu sehemu 8 na 3 zilizokamilika na kuandika 468273, ambacho ni kimraba cha mita 100 kwa 100. Kwa tarakimu nne ni 4627. Anayekimbilia mstari wa 47 kwa kuwa uko karibu huhamia mraba wa jirani, na rula itamwonyesha hilo mara moja.

Kwa sababu hiyo, pembe ya dira ipimwe kwa protrakta kwenye ramani yenyewe, kuanzia kaskazini ya gridi kwa mwendo wa saa. Ikikokotolewa kutokana na tarakimu hizo, kosa la mita 100 pembeni mwa mstari wa uelekeo, katika umbali wa mita 300, hupotosha pembe kwa takriban nyuzi 18. Katika kilomita 3, nyuzi 2 tu.