Kuachana na mhasibu wako: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

Wadau, mimi nipo kwenye kazi ya uhasibu hapa Tanzania, na wateja wengi wanaonijia wanatoka kwa mhasibu mwingine. Mara nyingi kazi ya kwanza inakuwa siyo kuandika vitabu, ni kuvitafuta viko wapi. Mtu amegombana na mhasibu wake, amechukua maboksi mawili ya risiti na flashi moja, anasema "tumemalizana". Hamjamalizana. Ngoja niyaseme haya kwa mfano mmoja ili tuelewane: kampuni ndogo ya vifaa vya ujenzi Morogoro, imesajiliwa VAT, ina wafanyakazi 6, mwaka wake wa hesabu unaisha Desemba 31, na mwenyewe anataka kumwacha mhasibu mwisho wa Aprili.

Dhana: Nikishamwambia "basi", kuanzia leo siyo mhasibu wangu tena

Ukweli: unaweza kumwacha siku yoyote mkataba unaporuhusu (usome kwanza, mara nyingi kuna notisi ya mwezi mmoja hivi), ila kalenda ya TRA haisimami kwa sababu nyie wawili mmeachana. Huyu wa Morogoro akiondoka Aprili 30, PAYE ya Aprili inatakiwa tarehe 7 Mei, ritani ya VAT ya Aprili tarehe 20 Mei, halafu hesabu za mwaka uliopita na ritani yake ya mwisho zinatakiwa Juni 30, na tarehe hiyohiyo kuna awamu ya pili ya makadirio. Sasa hizo nne nani anazifanya? Mhasibu wa zamani anajua ameshaachwa, mpya anadhani Aprili ni ya mwenzake kwa sababu ndiye aliyekuwepo, na wewe unadhani kuna mtu anafanya. Adhabu ya kuchelewesha ritani inahesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, na inaandikwa kwenye TIN yako, siyo ya mhasibu.

Ndiyo maana barua ya kuachana lazima iseme vitu viwili, siyo kimoja. Kwanza siku ya mwisho ya kazi, pili ritani ya mwisho atakayoifanya yeye. Mfano: "Utamaliza ritani za Aprili, zote mbili, hesabu za mwaka uliopita utatukabidhi zilipofikia, Mei kwenda mbele siyo yako." Iandike, saini, itume kwa imeili na nakala ya karatasi apokee kwa saini. Meseji ya WhatsApp ya saa nne usiku mkiwa mmekasirikiana haikusaidii kitu siku mnabishana.

Dhana: Kama ananidai, ana haki ya kukaa na mafaili yangu yote

Hapa kuna makosa pande zote mbili na mimi naomba watu watulie kidogo. Wenye biashara wanasema kila karatasi ni yao, wahasibu wanasema hakuna kitu kinatoka bila hela. Hakuna aliye sahihi moja kwa moja.

Vilivyo vyako ni vyako: risiti za manunuzi, ankara, stetimenti za benki, mikataba, cheti cha TIN na cha VAT, ripoti za Z za mashine ya EFD, vyeti vya kodi ya zuio ulivyopewa na wateja wako, nakala za ritani zilizowasilishwa kwa jina lako. Sheria ya usimamizi wa kodi inakutaka wewe mlipakodi utunze kumbukumbu kwa miaka 5, na siku afisa akija kukagua, "ziko kwa mhasibu wa zamani hataki kunipa" siyo jibu. Vya mhasibu navyo vipo: karatasi zake za kazi, yaani zile notisi na mahesabu ya ndani aliyofanya kufikia majibu, orodha yake ya kuhakiki, barua zake za ofisini. Hizo hata ukimlipa kila senti hawajibiki kukupa, na usigombane naye kwa ajili yake.

Ya katikati ndiyo ina utata. Sheria yetu ya mikataba inamruhusu aliyetumia ujuzi wake kwenye kitu alichokabidhiwa akishikilie mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo. Lakini inahusu kitu kilekile alichokifanyia kazi. Kushikilia kila kitu kwa deni lolote la jumla ni haki waliyopewa watu wachache waliotajwa, kama mabenki na mawakili, mhasibu hayumo. Kwa hiyo mhasibu anayekudai hela ya hesabu za mwaka jana anaweza akawa na hoja juu ya hizo hesabu alizoziandaa, ila kukunyima stetimenti za benki za mwaka juzi ambazo ulishazilipia kazi yake, hapo hana pa kusimamia. Kama yuko NBAA na anakataa hata vile vilivyo vyako wazi, andika barua kule, ndio wanaosimamia mwenendo wa wahasibu.

Dhana: Amenipa PDF za hesabu, makabidhiano yamekwisha

Hii ndiyo inaumiza kuliko zote na ndiyo haionekani haraka. PDF ya hesabu za mwaka inakuonyesha majumla tu. Mhasibu mpya anahitaji kujua jumla imetoka wapi, kwa hiyo muombe: leja yote, urari wa siku ya kukabidhiana, ulinganisho wa benki wa mwezi wa mwisho, orodha ya wadaiwa na wadai kwa majina, rejista ya mali za kudumu na uchakavu wake. Kama alikuwa anatumia QuickBooks au Tally basi bekapu ya faili lenyewe na pasiwedi yake, siyo kilichochapwa kutoka humo.

Halafu kabla hujasaini karatasi ya makabidhiano kaa mezani uvilinganishe, hii siyo ya kumwachia mtu. Fanya hivi: chukua ritani 12 za VAT za mwaka uliopita, jumlisha mauzo bila VAT. Chukua leja, angalia mauzo ya mwaka huohuo. Tuseme ritani zinasema milioni 412 na leja inasema milioni 398. Kuna milioni 14 hazijulikani. Pengine ni ankara kubwa ya mwisho wa Desemba, risiti ya EFD imetoka tarehe 30 ikaingia kwenye ritani ya Desemba, lakini kwenye leja imeandikwa Januari siku hela ilipoingia benki. Kama ni hivyo ni marekebisho ya dakika kumi, na anayejua jibu ni yeye aliyekaa mbele yako. Ukiligundua miezi nane baadaye kwa sababu TRA ndio wameuliza, yeye hapokei simu na mpya hana la kusema.

Kitu kingine cha kulinganisha ni salio la VAT linalosogezwa mbele. Kama ritani ya mwisho inaonyesha una milioni 3 za kusogeza na leja inaonyesha milioni 1.8, usikubali kuondoka bila maelezo, maana mpya ataanzia namba mojawapo na ikiwa ni ile mbaya unapoteza hela yako mwenyewe kimyakimya.

Dhana: Nimebadilisha pasiwedi ya TRA, yupo nje

Kubadili pasiwedi ni nusu tu. Angalia imeili na namba ya simu zilizosajiliwa kwenye akaunti, kwa sababu ujumbe wa kuweka pasiwedi mpya unakwenda huko. Biashara nyingi zilisajiliwa na mhasibu akaweka imeili yake na laini yake, yaani hata ukibadilisha leo anaweza kuirudisha kesho, na kibaya zaidi barua za TRA zinakwenda kwake, wewe unakuja kuziona muda wa kupinga umeisha. Pia angalia nani amesajiliwa kuwasilisha ritani kwa niaba ya kampuni, umtoe. Ikishindikana kwenye mfumo nenda ofisi ya TRA uliyosajiliwa ukiwa na kitambulisho cha mkurugenzi na nyaraka za kampuni. Fanya hivyohivyo kwa akaunti ya BRELA na NSSF. Ila fanya baada ya yeye kuwasilisha ile ritani ya mwisho mliyokubaliana, siyo kabla, watu wanamfungia mlango halafu wanamlaumu hajafanya.

Dhana: Kazi hajamaliza, kwa hiyo simlipi kitu

Kazi iliyofanyika inalipwa. Turudi kwa wa Morogoro: analipa laki mbili na nusu kwa mwezi, Februari mpaka Aprili hajalipa, hiyo ni 750,000. Hesabu za mwaka walikubaliana 1,500,000, urari upo na marekebisho yameingia lakini taarifa zenyewe bado, wakakubaliana nusu, 750,000 nyingine. Jumla 1,500,000. Mhasibu hajasajiliwa VAT kwa hiyo hakuna VAT ya kuongeza. Kampuni inakata kodi ya zuio 5%, yaani 75,000, inamlipa 1,425,000, ile 75,000 inapelekwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha na mhasibu anapewa cheti chake cha zuio. Wengi wanasahau hiki kipande kwa sababu ya hasira, wanalipa yote taslimu ili waachane, halafu wanadaiwa zuio wao.

Na kuhusu adhabu: kama ritani ya VAT ya Januari ilichelewa na wewe ulimpelekea karatasi zote tarehe 10 Februari, una haki ya kudai apunguze, na mpunguzo uandikwe wazi kwenye ankara. Kama risiti za manunuzi ulimpelekea tarehe 19 jioni, siku moja kabla ya mwisho, hapo kaka, dada, muachie hela yake. Tarehe za kwenye simu yako zitawaambia wote wawili.

Mkishakubaliana, malipo na makabidhiano yafanyike kikao kimoja, huyu anaweka mafaili mezani yule anatuma hela, kila mmoja anasaini orodha iliyotaja faili moja moja na miezi yake. "Mafaili mbalimbali" siyo orodha.

Dhana: Mpya hana haja ya kuongea na wa zamani

Kwa maadili ya kazi yetu mpya anatakiwa amwandikie wa zamani kuuliza kama kuna sababu yoyote ya kutoipokea kazi hii, na wa zamani hawezi kujibu mambo yako bila ruhusa yako, kwa hiyo toa ruhusa hiyo kwa maandishi kwenye barua ileile ya kuachana. Deni ambalo hujalipa halimzuii mpya kukupokea, ila atalisikia, na mhasibu makini atakuuliza umepanga kulilipa lini. Ukiona mpya anakuambia "achana naye huyo, tutaanza upya", muulize atatoa wapi masalio ya kuanzia Januari mosi, usubiri akujibu kabla hujamlipa kianzio.